Pampu ya HP 1 imegoma kuvuta kiangazi, fundi anataka ninunue ya HP 2. Itavuta kweli?

Kihesa_Juu
Wakuu, naomba mnisaidie kabla sijatoa hela. Niko Iringa mjini. Kisima ni cha kuchimbwa kwa mkono, mita 12 hadi chini. Pampu ni ya juu, HP 1, imekaa kwenye kijukwaa cha zege cha sentimita 40 pembeni ya kisima. Bomba la kuvutia ni la inchi 1, chini lina futi-valvu ya kuzuia maji yasirudi kisimani. Kibati cha pampu kimeandikwa Hmax 45 m, Qmax 50 l/min.

Masika inavuta vizuri tu. Tangu Septemba, ukiijaza maji na kuiwasha inatoa maji sekunde chache, inaanza kunguruma kama imemeza kokoto, kisha maji yanakata. Fundi ameshabadilisha futi-valvu, ameshabadilisha sili, amefunga tredi tepu upya kila jointi. Sasa anasema pampu imechoka, nichukue ya HP 2.

Swali langu ni moja. Kama kibati kinasema mita 45, inashindwaje kisima cha mita 12?

---

Mzee wa Mabomba
Hapo kuna hewa inaingia, hamna jambo jingine. Pampu ya juu ikivuta hewa hata tundu la sindano haiwezi kupandisha maji. Vua bomba lote, kagua jointi moja moja, badilisha yunioni ya kwenye pampu, hiyo ndiyo mchawi mara nyingi. Na punguza bomba liwe la robo tatu. Bomba jembamba linabeba maji machache, uzito unapungua, pampu inapata nafuu ya kunyanyua. Mimi huku Ifakara nina kisima natoa maji mita 11 kwa pampu ya HP 1 na mwaka wa pili huu.

---

kijana_wa_kanyaga
HP 2 chukua mkuu, nguvu haijawahi kumwangusha mtu 😂

---

Mchimba_Visima
Kabla ya kununua chochote, pima maji yako wapi. Si urefu wa kisima, bali kutoka usawa wa pampu hadi uso wa maji. Funga jiwe au nati kubwa kwenye uzi, shusha mpaka usikie limegusa maji, weka alama, pima kwa tepu. Pima asubuhi kabla hamjachota. Halafu andika hapa. Bila namba hiyo tunabishana hewani.

---

Dada wa Kisauni
Mimi niko Mombasa, pampu yangu ni HP 1 kama yako na inapandisha maji ghorofa ya tano bila taabu. Hiyo ni zaidi ya mita 15. Kwa hivyo hiyo habari ya pampu kushindwa mita 12 siiamini, labda umeuziwa feki.

---

Zebaki76
Dada wa Kisauni, ya kwako inasukuma. Tangi lako liko chini, pampu iko chini, maji yanaingia yenyewe kwenye pampu, kisha yanasukumwa juu. Kusukuma hakuna kikomo cha mita 10, ukiongeza nguvu unaongeza urefu. Ya Kihesa_Juu inatakiwa kuvuta maji yaliyo chini yake, na hapo HP haina kauli kabisa. Pampu yako hiyo hiyo ukiibeba ukaiweka ghorofa ya tano, ukateremsha bomba hadi kwenye tangi la chini, haitatoa hata kikombe.

Ile Hmax 45 m ya kwenye kibati ni ya kusukuma. Tafuta sehemu nyingine ya kibati, wengine huandika Suct. 8 m au 9 m kwa herufi ndogo. Hiyo ndiyo inayomhusu, na hata hiyo imeandikwa kwa usawa wa bahari na maji baridi.

---

Kihesa_Juu
Nimepima leo saa 12 asubuhi kwa uzi na nati. Kutoka usawa wa ardhi hadi maji ni mita 8.9. Ukijumlisha kijukwaa inakuwa 9.3 hadi kwenye pampu. Niliwahi kupima Aprili nikaandika ukutani: 4.8. Mwaka wa mvua nyingi huwa yanafika 4.3. Futi-valvu iko nusu mita ndani ya maji, yaani 9.4 kutoka ardhini. Na kweli kwenye kibati ipo, Suct. 8 m.

Sasa naomba mnieleze. 9.3 si iko chini ya 10? Nimesikia kikomo ni mita 10.

---

Zebaki76
Kikomo cha mita 10 ni cha Dar, Tanga na Mombasa. Wewe uko kama mita 1,550 juu ya bahari.

Twende taratibu, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Pampu haishiki maji na kuyanyanyua kama kamba ya ndoo. Inachofanya ni kupunguza kanieneo, yaani presha, ndani ya bomba. Anayepandisha maji ni hewa ya nje, ile inayokandamiza uso wa maji kisimani. Pampu ikitoa kanieneo yote ndani ya bomba, ikabaki sifuri, kazi yake imekwisha. Huwezi kutoa zaidi ya yote. HP 2 itafika sifuri, HP 20 itafika sifuri ile ile. Kuanzia hapo kinachobaki ni uwezo wa hewa ya nje tu, na hewa ya nje haijui umenunua pampu gani.

Usawa wa bahari hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, ambazo zinaweza kusimamisha nguzo ya maji ya mita 10.3. Iringa hewa ni nyepesi zaidi, kama kilopaskali 84, sawa na nguzo ya mita 8.57. Toa hapo sentimita 24, kwa sababu maji ya nyuzi 20 yakikosa kanieneo yanaanza kuchemka yakiwa baridi hivyo hivyo, na mvuke wake unajaza nafasi uliyojitahidi kuiacha tupu. Unabaki na mita 8.33. Hiyo ni maji yaliyosimama tu, hayatembei. Wewe unataka 9.3.

Kwa hiyo fundi wako hakukosea kufunga jointi, amekosea kudhani nguvu ndiyo imepungua.

---

Mzee wa Mabomba
Mwalimu, hesabu za darasani nazo! Maji yana uzito, bomba likiwa refu uzito unayakata katikati kama kamba iliyozidiwa mzigo. Ndiyo maana nasema bomba jembamba. Na kama ni hewa ya nje inayosukuma, hiyo hewa inaingiaje kisimani wakati nimefunika na mfuniko wa zege?

---

Zebaki76
Mzee, hilo la kamba si kosa la ovyo, Galileo mwenyewe alilisema. Katika kitabu chake cha mwaka 1638 anaeleza kwamba pampu ya kuvuta haivuki dhiraa 18 za Florensi, kama mita 10 na nusu, na akadhani nguzo ya maji inakatika kwa uzito wake yenyewe kama kamba au fimbo. Mwanafunzi wake Torricelli ndiye aliyegeuza fikra hiyo mwaka 1644. Alitumia zebaki, nzito kuliko maji mara 13.6 hivi. Zebaki ikasimama sentimita 76. Zidisha 76 kwa 13.6 unapata mita 10.3 za maji. Na unene wa mirija haukubadilisha urefu. Kama ni suala la uzito kukata kamba, mrija mwembamba wenye mzigo mdogo ungepaswa kupanda juu zaidi.

Bomba nene lina maji mengi, lakini pia chini lina mdomo mpana unaosukumwa na hewa. Vinaongezeka pamoja, urefu unabaki ule ule.

Mfuniko wa zege hauzibi hewa kiasi hicho. Kuna tundu la bomba, kuna nyufa. Ungeweza kuziba kisima kweli kweli kisipitishe hewa, pampu ingeanza kuvuta kisha ikaishiwa pumzi kila maji yanaposhuka.

---

Mchimba_Visima
Niongeze kwenye bomba jembamba, maana ushauri huo unaharibia watu hela. Kwa lita 40 kwa dakika, bomba la inchi 1 lenye urefu wa mita 11 pamoja na elbo mbili na futi-valvu linakula kama mita 1.2 kwa msuguano. Ukiweka inchi na robo linakula karibu sentimita 40. Ukiweka robo tatu linakula mita 5. Hizo mita 5 zinatoka kwenye ile ile bajeti ya 8.33. Bomba la kuvutia halipunguzwi hata siku moja. Ukitaka kubana matumizi, bana upande wa kutolea.

Tena pampu yenyewe inataka ibakiziwe kitu mlangoni, maji yasianze kuchemka kwenye impela, lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu. Hizi ndogo zinataka kama mita 2, zingine 3. Sasa piga hesabu ya Iringa: 8.33, toa 1.2 ya bomba, toa 2 za pampu, inabaki 5.1. Aprili maji yalikuwa 4.8 na kijukwaa sentimita 40, jumla 5.2. Yaani hata Aprili ilikuwa inagusa dari. Bila shaka ilikuwa haitoi lita 40 kamili.

Ule mngurumo wa kokoto ndio huo. Ni mvuke unaotengeneza mapovu kwenye impela na kupasuka. Ukiendelea kuiwasha hivyo, impela inatobokatoboka kama imeliwa na mchwa, na sili inaungua kwa kukosa maji. Zima.

---

Kihesa_Juu
Naanza kuelewa, ila kuna kitu kinanitatiza. Mimi najaza bomba maji kwanza mpaka yanafurika kwenye plagi ya juu. Futi-valvu mpya, haivuji, nikiacha usiku kucha nakuta bomba limejaa. Sasa kama bomba zima limeshajaa mita 9.3, maji si yameshafika juu? Kwa nini pampu isiendelee tu kuyachukua?

---

Zebaki76
Hilo swali ni zuri kuliko yote humu. Maji hayo yamefika juu kwa mkono wako, na yanakaa kwa sababu futi-valvu imeyabeba. Hewa haihusiki hapo.

Iangalie futi-valvu kama mlango unaosukumwa na watu wawili. Nje anasukuma hewa pamoja na nusu mita ya maji iliyo juu ya valvu: 8.57 na 0.5, jumla mita 9.07. Ndani anasukuma bomba lililojaa, mita 9.3 hadi kwenye maji na nusu mita ya ziada, jumla 9.8. Pampu ikijitahidi mpaka mwisho, juu ya nguzo hiyo kunabaki mvuke wa sentimita 24. Kwa hiyo ndani ni 10.04. Ndani anamshinda wa nje kwa karibu mita nzima. Mlango haufunguki. Si kwamba unafunguka kidogo, haufunguki kabisa, hakuna tone jipya linaloingia kutoka kisimani.

Yale maji ya sekunde chache ni yaliyokuwa kwenye tumbo la pampu na kipande cha juu cha bomba. Yakitoka, nafasi inajaa mvuke, impela inazunguka kwenye mvuke, basi.

Linganisha na Aprili. Bomba ni lile lile, ndani bado ni 10.04. Lakini maji yakiwa 4.8, valvu iko mita 4.6 ndani ya maji, kwa hiyo nje ni 8.57 na 4.6, yaani 13.17. Nje anashinda kwa mita 3.1, mlango unafunguka na hizo mita 3.1 ndizo zinazolipia msuguano na mahitaji ya pampu. Hakuna kilichochoka kwenye pampu yako. Maji ndiyo yameshuka.

---

Mzee wa Mabomba
Hapo kwenye mlango nimekuelewa. Lakini bado nasema asiache kukagua hewa. Nimeona pampu ngapi zimetupwa kumbe ni yunioni.

---

Mchimba_Visima
Ni kweli Mzee, na njia ya kutofautisha ipo. Weka ti kwenye bomba la kuvutia karibu na mdomo wa pampu, funga geji ya vakyumu, ile inayosoma kutoka 0 hadi -100 kPa. Jaza, washa, angalia mshale.

Ukienda hadi -30 au -40 ukawa unatetemeka na maji hayaji, hewa inaingia mahali, au pampu imekwisha na haina uwezo wa kuvuta. Ili ujue ni lipi, funga koki ya kuvutia kama ipo. Ikiwa pampu nzima mshale utazama chini sana, na kama upande wa kutolea una valvu isiyorudisha maji, ukizima utabaki hapo dakika kadhaa. Usipobaki, kipande kati ya koki na pampu kinavuja.

Ukienda hadi karibu na mwisho wa huko kwenu, -78 au -80, na maji hayaji, pampu ni nzima na haina hewa. Ama maji yako chini mno, ama futi-valvu imeziba tope. Hayo mawili geji haiyatenganishi. Uzi na nati ndivyo vinavyotenganisha, nawe umeshapima.

---

mkulima_Mufindi
Samahani kwa kuingilia, ila mnanichanganya. Huku kwetu mikaratusi ina mita 30 na zaidi, na majani ya juu kabisa ni mabichi. Mti hauna hata HP nusu. Kama hewa inasukuma mita 8 tu, nani anafikisha maji kule juu?

---

Zebaki76
Mkulima, hapo ndipo ile kamba ya Galileo inaporudi kwa mlango wa nyuma. Ndani ya mti maji yanavutwa kweli, kama kamba. Jua linakausha majani, maji yanapotea kwenye vinyweleo vidogo sana vya jani, na yanayofuata yanaburutwa nyuma yake kwa sababu chembe za maji zinashikana. Kanieneo ndani ya mti inashuka chini ya sifuri, jambo ambalo kwenye bomba letu halitokei.

Tofauti ni njia. Mishipa ya mti ni myembamba kama unywele, imejaa maji tangu ilipoota, haina povu. Bomba letu lina kutu, mchanga, kuta za plastiki zenye mikwaruzo, na maji yenye hewa iliyoyeyuka. Mvuke unapata pa kuanzia, povu la kwanza likitokea kamba imekatika. Hata mti ukikauka sana mishipa hukatika hivyo hivyo.

---

mkulima_Mufindi
Kwa hiyo mtu akitengeneza bomba safi kabisa, jembamba kama unywele, atavuta mita 20?

---

Zebaki76
Maabara wameweza kuyaweka maji kwenye mvutano mkubwa kuliko huo, ndani ya vioo vidogo vilivyosafishwa sana. Ila kupata lita 40 kwa dakika kwenye bomba la unywele ni jambo jingine. Hata mti mkubwa wenye mishipa isiyohesabika haukupi kiasi hicho.

---

Kihesa_Juu
Nimefunga geji. Nimejaza bomba, nimewasha. Mshale umekwenda moja kwa moja hadi -79, ukakaa, ukicheza kati ya -79 na -80. Maji yametoka kama sekunde 6, mngurumo ukaanza, nikazima. Nilipofungua plagi ya juu ilivuta hewa kwa sauti, fyuuu, kama unafungua soda kinyumenyume. Kuchungulia, maji kwenye bomba yameshuka kidogo tu.

Kwa hiyo pampu ni nzima?

---

Mchimba_Visima
Nzima kabisa. Mwisho wa hapo kwenu ni kama -82, umefika -80 kasoro. Hiyo ya HP 2 ingekufikisha palepale kwa bili kubwa zaidi.

Sasa nini cha kufanya. Njia zote zinazofanya kazi zina kanuni moja: kinachosukuma kiende karibu na maji.

Ya kwanza ni kushusha pampu hiyo hiyo kwenye jukwaa ndani ya kisima. Ukibadilisha bomba liwe inchi na robo, bajeti yako inakuwa kama 5.9. Ukiwa unavuta, maji yanashuka, tuseme sentimita 80, kwa hiyo Oktoba yanafika 9.7. Pampu lazima iwe angalau mita 3.8 chini ya ardhi. Lakini umesema mwaka wa mvua maji yanapanda hadi 4.3. Una nusu mita tu kati ya kushindwa kuvuta na kuzamisha mota. Mimi singefanya.

---

Mzee wa Mabomba
Nusu mita inatosha, unaweka kwenye mnyororo, masika unaipandisha. Tumefanya sana hivyo.

---

Mchimba_Visima
Inawezekana, ila siku amesafiri na mvua ikanyesha usiku ndiyo siku ya kununua mota. Na umeme unaoning'inia juu ya maji ambayo watu wanachota kwa ndoo, sipendi. Kwa wanaosoma uzi huu na wana pampu za petroli: msijaribu hii kabisa. Injini ikiwaka ndani ya kisima inajaza gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya, na anayeshuka kuizima hapandi.

Ya pili ni pampu ya jeti ya mabomba mawili. Pampu inabaki juu, bomba moja linarudisha sehemu ya maji chini kwa kasi, yanapita kwenye tundu dogo la jeti lililo ndani ya maji, yanasukuma mengine kupanda bomba la pili. Kikomo hakijavunjwa, sehemu kubwa ya kupandisha inafanyika kwa kusukuma kutoka chini. Faida ni kwamba hakuna umeme kisimani. Hasara, maji mengi yanazunguka bure, na mchanga ukiziba lile tundu la jeti unavua mabomba yote mawili.

Ya tatu ndiyo ningechukua: sabmasibo, ya kuzama. Hesabu yako, maji 9.7 wakati wa kuvuta. Tangi liko juu kiasi gani?

---

Kihesa_Juu
Mnara, hadi mdomo wa juu wa tangi ni mita 6.5 kutoka ardhini.

---

Mchimba_Visima
Basi 9.7 na 6.5 ni 16.2, weka mita 2 za msuguano, 18.2. Kupandisha lita 40 kwa dakika kwa mita 18.2 ni kazi ya wati 119 tu. Hata pampu ndogo yenye ufanisi wa theluthi moja itakula wati 360 hivi. Yaani ya nusu HP inakutosha, wakati juu ya ardhi hata HP 2 haitoi kitu.

Dukani usinunue kwa kuangalia Hmax. Hmax ni urefu ambao maji yanafika na kusimama, hayatoki. Uliza mchoro wa pampu, tafuta inayotoa lita 40 ikiwa mita 18 hadi 20. Kwa kawaida hiyo itakuwa na Hmax ya 30 na kitu.

Ining'inize kwa kamba ya nailoni au waya wa chuma usioshika kutu, si kwa waya wa umeme. Iache kama nusu mita kutoka chini ili isinywe tope. Una mita 3 tu za maji kiangazi, zitapungua ukiwa unavuta, kwa hiyo weka floti au kifaa cha kuzima maji yakipungua. Na kama utachukua ile nyembamba ya visima virefu, ivishe kipande cha bomba la PVC kuanzia juu ya mdomo wa kuingizia hadi chini ya mota. Kisima chako ni kipana, bila hilo maji hayapiti kwenye mota, inapata joto na kuungua. Hapo wengi wanaunguza ndani ya miezi michache na kulaumu duka.

---

Dada wa Kisauni
Sasa nimefahamu, nisamehewe kwa ile ya feki. Na zile pampu za mkono za vijijini, mbona zinatoa maji ya mita 30 na mtu anapampu kwa mkono?

---

Mchimba_Visima
Kwa sababu pistoni yake haiko juu. Afridev au India Mark II, silinda imeshushwa chini ndani ya maji, mkono unavuta fito ndefu, na pistoni inanyanyua maji yaliyo juu yake. Ukiona pampu ya mkono ambayo pistoni yake iko hapo hapo juu kwenye kichwa, hiyo ni ya maji ya karibu, mita 7 ukiwa pwani.

---

Zebaki76
Mzee wa Mabomba, bado tunakudai. Ifakara mita 11 kwa pampu ya juu, unapima kutoka wapi?

---

Mzee wa Mabomba
Nisije nikaonekana mwongo, nimepima leo kwa uzi. Mita 11 ni bomba. Maji yako 8.4 kutoka kwenye pampu. Lakini maji yanatoka! Si mengi, ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika tatu hivi, na yanakuja yakikohoa, maji hewa, maji hewa.

---

Zebaki76
Ifakara uko chini, kama mita 270 tu. Nguzo yako ni mita 10 na maji yana joto, toa sentimita 35. Unabaki na 9.65, ukitoa 8.4 una mita 1.25 za kugawana kati ya bomba na pampu. Kwa lita 6 au 7 kwa dakika msuguano ni mdogo sana, kwa hiyo kutiririka hivyo inaingia akilini.

---

Mchimba_Visima
Mimi hiyo hewa inanipa shaka ya namna nyingine. Bomba likivuta hewa kidogo chini chini, nguzo inakuwa mchanganyiko wa maji na mapovu, inakuwa nyepesi, inaweza kupanda zaidi ya inavyostahili. Mzee, usije ukakuta unaishi kwa hisani ya jointi inayovuja.

---

Mzee wa Mabomba
Yaani nikiziba inaweza kukata?

---

Zebaki76
Kwa 8.4 sidhani, naona ukiziba itaongezeka kidogo. Mchimba anaona kinyume.

---

Mzee wa Mabomba
Jumamosi naziba yunioni kwa gundi, napima ndoo tena kwa saa. Nitarudi hapa.

---

Kihesa_Juu
Na mimi nimepata sabmasibo ya nusu HP, mchoro unaonyesha lita 42 kwa mita 20. Ile ya HP 1 naihamishia chini ya tangi, iwe inasukuma maji kwenda bustanini.